Mkanda wa sketi unaoachama nyuma: unyooke au upinde?

*"Najishonea sketi za penseli za gabadini za kuvaa kazini, zipu naweka ubavuni. Napenda mkanda mpana wa inchi 2. Kiuno changu ni inchi 30, lakini inchi 2 chini ya kiuno, pale ninapopenda mkanda uishie, napima inchi 33, kwa hiyo nakata mkanda wa inchi 33. Mbele unakaa vizuri, nyuma unaachama, nikikaa mtu anaweza kuingiza kiganja. Nikaupunguza hadi inchi 31, sasa sketi inapanda juu na kujikunja chini ya mkanda. Fundi mmoja ameniambia nitie lastiki, mwingine anasema mkanda unatakiwa uwe wa kupinda, mwingine anasema niondoe mkanda kabisa niweke fesingi, kile kipande cha ndani cha kumalizia kingo. Nimfuate nani, na huo wa kupinda unachorwaje?"*

Dada, umeshapima jibu wewe mwenyewe, ila hukujua kwamba ndilo. Kiuno ni 30 na inchi 2 chini yake ni 33. Maana yake ni kwamba ndani ya upana wa mkanda mmoja tu mwili wako unaongezeka inchi 3. Mkanda ulionyooka hauna habari hiyo. Ukiuunganisha ncha kwa ncha unapata kitu mfano wa kopo: mzingo wa juu na wa chini ni sawa. Mwili wako hapo si kopo, ni kama ndoo iliyopinduliwa, mdomo chini na kitako juu. Ukivisha ndoo hiyo kopo linalotosha mdomo wa chini, juu itabaki nafasi. Kwako nafasi hiyo ni inchi 3 kamili.

Kwa nini inaonekana nyuma tu? Kwa sababu mbele tumbo huujaza mkanda na kuusukuma, nyuma kuna bonde la mgongo na halafu makalio yanaanza kutoka. Nafasi yote iliyozidi hukimbilia kwenye bonde. Ukikaa, nyonga zinatanuka, kitambaa cha nyuma kinavutwa kushuka, na mdomo wa mkanda unafunguka zaidi.

Hapo ndipo kupunguza urefu kunapokosa maana. Ulipokata 31, kingo ya juu ya mkanda ilikaribia kiuno, lakini kingo ya chini nayo ikawa 31 mahali ambapo mwili ni 33. Mkanda hauwezi kukaa hapo. Utapanda kutafuta mahali penye 31, utavuta sketi, na kitambaa kilichozidi kitajikunja chini ya mkanda, kama ulivyoona. Tatizo lako si urefu wa mkanda. Kingo zake mbili zinahitaji urefu tofauti.

Kabla hujachukua karatasi, fanya jaribio moja. Vaa sketi, simama wima, muombe mtu atazame nyuma. Ikiwa mkanda unaachama hata umesimama, shida ni umbo la mkanda na maelezo haya yanakuhusu. Ikiwa ukisimama umelala mwilini na unaachama ukikaa tu, tazama nyonga kwanza: sketi ya penseli isiyo na nafasi ya walau inchi 2 kwenye nyonga, kwa kitambaa kisichovutika kama gabadini, itavuta mkanda kila unapokaa, hata uuchore vipi.

Mkanda ulionyooka hauna kosa, kosa ni upana wake

Wapo wanaousema vibaya mkanda ulionyooka bila sababu. Mkanda wa inchi 1, au 1 na robo, unaokaa kiunoni penyewe, hauna haja ya kupindwa. Nusu yake iko juu kidogo ya mahali pembamba, nusu chini kidogo, na tofauti ya mzingo ni ndogo kiasi kwamba kitambaa na joto la mwili huimaliza vyenyewe. Tena una faida ambazo mkanda wa kupinda hauna. Unakatwa mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, ukiwa umelala kwa urefu wa mkanda, na nyuzi za mtande ndizo zisizovutika, kwa hiyo haulegei. Unakunjwa juu, hauna mshono pale. Na unatoka kwenye kipande chembamba cha pembeni mwa kitambaa, ambapo wa kupinda unakula kitambaa kwa sababu hauingii kwenye masalio.

Lakini ukipita inchi 1 na nusu, au ukitaka mkanda ushuke chini ya kiuno kama upendavyo wewe, mkanda ulionyooka unaanza kukudanganya. Kadiri tofauti kati ya kiuno na nyonga inavyokuwa kubwa, ndivyo unavyodanganya mapema zaidi. Kwa vipimo vyako na upana wa inchi 2, huna budi kupinda.

Kupima

Funga uzi au lastiki nyembamba kiunoni, jipinde kulia na kushoto, itajikalia yenyewe mahali pembamba. Hapo ndipo kingo ya juu. Shuka inchi 2 kuzunguka mwili wote, funga uzi wa pili. Hapo ndipo mkanda utakapoungana na sketi. Pima mizingo yote miwili ukiwa umevaa nguo ya ndani utakayovaa na sketi, tepu ikiwa imelala bila kukaza.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka: usigawe vipimo kwa nne. Weka alama ya ubavu pande zote mbili, kisha pima nyuma peke yake kutoka ubavu hadi ubavu, juu na chini. Halafu mbele vivyo hivyo. Wewe umeniletea jumla tu, kwa hiyo nitumie mgawanyo wa mfano, wewe utaweka wako. Tuseme nyuma ni 14 juu na 16 chini, mbele ni 16 juu na 17 chini. Jumla ya juu 30, jumla ya chini 33. Tazama kilichojitokeza: nyuma tofauti ni inchi 2, mbele ni 1. Mkanda wa nyuma unahitaji kupinda zaidi kuliko wa mbele. Ukigawa kwa nne utapata mkanda unaopinda sawasawa kote. Nyuma utaendelea kuachama kidogo na mbele utabana tumbo, na utasema mkanda wa kupinda nao haufai.

Kuchora

Chora nusu ya nyuma kwanza. Kata kipande cha karatasi kilichonyooka, urefu inchi 8, ambao ni nusu ya 16 ya chini, na upana inchi 2. Andika "katikati ya nyuma" upande mmoja na "ubavu" upande wa pili, na andika "juu" kwenye kingo ya juu. Usidharau hilo la mwisho, nitalirudia. Kingo ya juu sasa ni 8 na inatakiwa iwe 7, kwa hiyo inchi 1 lazima iondoke juu bila kugusa chini.

Chora mistari minne ya wima yenye nafasi zinazolingana. Kata kila mstari kwa mkasi kuanzia juu, ushuke hadi karibu na kingo ya chini, uache karatasi kama uzi mmoja tu ili iwe bawaba. Sasa pandisha kila mkato juu ya mwenzake kwa robo inchi pale juu, chini pakibaki kama palivyo. Mikato minne kwa robo inchi ni inchi 1. Bandika kwa gundi ya karatasi. Kipande kimejipinda chenyewe.

Mbele ni hivyo hivyo: kipande cha inchi 8 na nusu, mikato minne, kila mmoja ukipanda nusu ya robo inchi. Jumla inaondoka nusu inchi, juu inabaki 8. Kipande hiki kitapinda kidogo tu, na ndivyo kinavyotakiwa.

Weka vipande hivi juu ya karatasi mpya uvichore upya, maana kingo zake sasa zina pembe ndogo ndogo. Zilainishe ziwe mstari mmoja unaopinda taratibu, kisha pitisha tepu ikiwa imesimama kwa ubavu wake juu ya mstari na uhakikishe urefu haujabadilika: nyuma 7 juu na 8 chini. Angalia mambo mengine mawili. Upana uwe inchi 2 kila mahali, na katikati ya nyuma mistari ya juu na ya chini ikutane na mstari wa katikati kwa pembe mraba. Pasipo pembe mraba, ukifungua patani utaona ncha kama ya mshale mgongoni.

Sasa lile la "juu". Ukiweka patani kamili ya nyuma mezani, kingo ya juu ikiwa mbali nawe, ncha zake mbili za ubavuni lazima ziinuke, kama mashua iliyoelea. Ikiwa ncha zinashuka kama mwavuli, umeipindua. Kosa hili hutokea sana mtu akishakata gamu, ile ya kukazia mkanda inayobandikwa kwa pasi, pamoja na kipande cha nje na cha ndani, na kila kimoja kikawa mezani bila alama. Mkanda uliopinduliwa huachama mara mbili ya ule ulionyooka, halafu lawama inaangukia uchoraji.

Jambo la pili linaloharibu kazi hii ni la sketi yenyewe. Mkanda wako sasa unachukua inchi 2 za juu za mwili, kwa hiyo patani ya sketi iliyochorwa kuanzia kiunoni lazima ikatwe inchi 2 hizo. Dati za nyuma, ile mikunjo iliyochongoka kuelekea makalioni, nazo zinapoteza sehemu yake ya juu. Dati ya urefu wa inchi 5 inabaki na 3, na mdomo wake unakuwa mwembamba. Ukisahau kukata, kingo ya sketi itakuwa 30 na mkanda 33 chini, havitaungana bila kuvutana, na mkanda utasimama juu ya kiuno kwenye mbavu.

Kama tayari una patani ya sketi inayokukaa vizuri kiunoni, njia ya mkato ipo: funga dati kwa kubandika karatasi, pima inchi 2 kutoka juu, kata. Kipande ulichokata ndicho mkanda wako wa kupinda. Lainisha tu kingo zake.

Kukata na kuzuia usivutike

Hapa mkanda wa kupinda unalipa deni lake. Kwa kuwa umepinda, sehemu zake fulani zinaangukia hanamu, yaani hazifuati mtande wala mshindio, na kitambaa cha hanamu huvutika. Mkanda unaweza kukatwa 30 juu na baada ya wiki mbili za kukaa ofisini ukawa 31. Ukiona mkanda uliokaa vizuri siku ya kwanza umeanza kuachama baadaye, usirudi kwenye patani, sababu ni hii.

Chora patani kamili, si nusu ya kuweka kwenye kunjo, ili uweze kulaza mtande kwa mlalo katikati ya nyuma na katikati ya mbele. Kata nyuma mbili na mbele mbili, moja ya nje na moja ya ndani, ukiongeza nusu inchi ya mshono ubavuni na chini, na robo inchi juu. Kile cha ndani ndicho fesingi ya mkanda. Punguza fesingi hiyo kiasi cha uzi mmoja au miwili kwenye kingo ya juu, ili mshono ujivute kuelekea ndani na usichungulie nje.

Gamu ya pasi tumia ile iliyofumwa kama kitambaa, si ile inayofanana na karatasi. Ya karatasi ni rahisi, lakini ikifuliwa mara chache hukunjamana na kuiachia kingo ivutike. Kwa gabadini, gamu kwenye kipande cha nje inatosha. Kwa kitambaa chepesi weka vyote viwili. Pasi iwekwe na kuinuliwa, isiburuzwe, kwa sababu kuburuza kunanyoosha mpindo uliouhangaikia. Acha kipoe kabla ya kukigusa.

Kisha utepe. Chukua utepe wa pamba usiovutika, upana wa robo inchi, uulowanishe na kuukausha kwanza ili usirudi ndani ya nguo. Ukate kwa kipimo cha mwili: 14 kwa nyuma, 16 kwa mbele, pamoja na nafasi ya mishono ya ubavuni. Usiupime kwa kuulaza juu ya kitambaa, maana pengine kitambaa kimeshavutika wakati wa kukata na utaufuata uongo wake. Ushone juu ya mstari wa mshono wa kingo ya juu, na kitambaa kikionekana kirefu kidogo kuliko utepe, kigawe kando kando kiingie. Kama ningelazimishwa kuchagua kimoja kati ya gamu na utepe, ningebaki na utepe.

Mwisho wa kazi ya juu: baada ya kuunganisha nje na fesingi, punguza akiba ya mshono ya fesingi iwe nyembamba kuliko ya nje, ikate vipasuo vidogo kwenye mpindo bila kugusa uzi, zilaze akiba zote upande wa fesingi, na upitishe mshono mwingine juu ya fesingi karibu kabisa na ule wa kwanza. Mshono huo hauonekani nje, lakini ndio unaoifanya fesingi ilale na isigeuke kuelekea juu.

Fesingi bila mkanda, na lastiki

Aliyekwambia uweke fesingi hajakosea, ila hajamaliza. Fesingi peke yake inafaa kwa mtu mwenye kiwiliwili kifupi, ambaye mkanda mpana unamfikia karibu na kifua, au kwa anayechomekea blauzi nyepesi na hataki unene kiunoni. Inachorwa kutoka juu ya sketi yenyewe: funga dati kwenye karatasi, shuka inchi 2 na nusu, nakili umbo. Itatoka imepinda, ni ile ile hesabu. Anayekata fesingi kama utepe ulionyooka anarudi kwenye kopo lile lile. Na kwa kuwa hapa hakuna mkanda wa kubeba uzito wa sketi, kingo ya juu ndiyo inayobeba, kwa hiyo utepe si wa hiari. Ningekushauri hii kama sketi ni nyepesi. Kwa gabadini unayoivaa siku nzima ukiwa umekaa, mkanda wa kupinda utakaa na umbo lake muda mrefu zaidi.

Lastiki nyuma inaficha, hairekebishi. Kitambaa kinajikusanya mgongoni, na chini ya blauzi kinaonekana kama uvimbe. Ila kwa mtu ambaye kiuno chake hubadilika inchi moja au mbili ndani ya mwezi, au aliyejifungua karibuni, lastiki ni jibu la kweli, kwa sababu patani yoyote utakayochora leo itakuwa si yake baada ya muda.

Sketi ulizoshona tayari

Hizi zinaokolewa kwa sehemu. Chukua ile yenye mkanda wa 33, usiguse ile ya 31. Fumua fesingi ya ndani nyuma, kata kunjo la juu la mkanda kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Vaa, ubane kwa pini katikati ya nyuma umbo la kabari, juu pana, chini likiishia sifuri kwenye mshono wa sketi. Usizidishe inchi 1 mahali pamoja, la sivyo mkanda utafanya pembe kali mgongoni. Kinachobaki kipeleke kwenye mshono wa ubavu usio na zipu, nusu inchi hivi. Fanya kabari hizo hizo kwenye kipande cha ndani, shona, kisha unganisha kingo ya juu kwa mshono wa robo inchi pamoja na utepe. Pale nyuma mkanda utapungua robo inchi kwa upana, kwa hiyo hiyo robo iondoe na mbele, ili mkanda wote ubaki sawa. Inchi 3 zote hazitaondoka kwa njia hii, lakini inchi 1 na nusu ikiondoka, kiganja hakitaingia tena.

Kwa sketi mpya, kata mkanda wa majaribio kwa marekani kwanza, bila gamu, ushone na kuvaa. Ukiona umelala kote lakini kuna mikunjo ya mlalo chini yake mgongoni, mkanda hauna kosa, ila kingo ya sketi katikati ya nyuma iko juu mno. Ishushe robo inchi, uvae tena, na usipite nusu inchi. Lakini ukiona mkanda unaachama upande mmoja tu, au kingo ya chini inapanda ubavu mmoja, huenda nyonga moja iko juu kuliko nyingine, na hilo huwezi kujipimia mwenyewe kwa kioo. Peleka hilo jaribio la marekani, ukiwa umeshachora juu yake mstari wa kiuno, kwa fundi anayeweza kukubania pini mwilini ukiwa umesimama, kila ubavu kwa kipimo chake.